Dawa nayo ikaguliwe kwa manifesti yake

Mfanyabiashara anayepita Namanga anajua kazi ya manifesti. Ukiandika magunia 200 ya maharage, kisha afisa wa forodha akakuta 120 ya maharage na 80 ya karanga, lori halisogei. Karanga si haramu. Kosa ni kwamba hukuzitaja.

Majaribio ya dawa nayo yana manifesti. Kabla ya mgonjwa wa kwanza kuandikishwa, watafiti wanatakiwa kusajili kipimo kikuu kitakachoamua kama dawa inafaa, na ni lini kitachukuliwa. Rejesta hizo ziko wazi: ipo clinicaltrials.gov ya Marekani na PACTR ya Afrika. Makala inayochapishwa baadaye ndiyo mzigo unaoshushwa.

Kwa nini tulinganishe? Pima dawa isiyofaa kwa vipimo 20 visivyotegemeana, kila kimoja kikiwa na nafasi ya asilimia 5 ya kuonyesha mafanikio kwa bahati tu. Nafasi ya kupata angalau "ushindi" mmoja inazidi asilimia 60. Ukichapisha huo tu, dawa mbovu inaonekana nzuri.

Hayo si mambo ya kufikirika. Jaribio la 329 liliwapima vijana 275 wenye sonona Marekani na Kanada kwa dawa ya paroksetini. Mpango wake ulitaja vipimo vikuu 2 na vya ziada 6. Katika vyote 8, paroksetini haikushinda vidonge visivyo na dawa. Hata hivyo, makala ya mwaka 2001 ilisema dawa inafaa, ikiegemea vipimo vilivyoongezwa baadaye. Uchambuzi upya wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba haikufaa, na kwamba iliongeza fikra na vitendo vya kutaka kujiua.

Siku hizi rejesta zimerahisisha ukaguzi. Fungua kumbukumbu ya jaribio, nenda kwenye historia ya mabadiliko, kisha soma toleo lililokuwapo kabla ya mgonjwa wa kwanza. Liweke kando ya makala. Je, kipimo kikuu ni kilekile? Muda ni uleule? Kipo kilichotoweka, au kilichoingia bila maelezo? Mwaka 2015 na 2016, watafiti wa mradi wa COMPare walikagua hivyo majaribio 67 kutoka majarida 5 makubwa. Yaliyoripotiwa sawasawa yalikuwa 9 tu.

Kubadilisha kipimo si lazima iwe udanganyifu. Mabadiliko yaliyofanywa kabla ya kuona matokeo, yakatajwa na sababu yake, yanakubalika. Lakini jaribio lililosajiliwa baada ya kumalizika halina manifesti ya kukagulia.

Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zina utaratibu wa pamoja wa kutathmini dawa. Kwa maoni yangu, ulinganisho huu uwe hatua ya lazima ndani yake. Gunia la karanga hukaguliwa mpakani. Kidonge cha mtoto kisipite kwa makala peke yake.