Ujumbe wa bosi saa tano usiku

Msimu wa papa potwe, kuanzia Oktoba hadi Machi hivi, simu za watu wa utalii Kilindoni hazilali. Mgeni aliyeko New York akitoka kazini saa 11 jioni na kuulizia boti ya kwenda kuwaona samaki hao, huku Mafia ni saa 7 usiku. Wakala wa Dar es Salaam naye hupokea swali la Mzungu wa Paris na kulirusha kisiwani hapohapo, hata kama safari yenyewe ni ya wiki ijayo.

Tumchukue mama anayepanga safari katika nyumba ya wageni. Anatoka kazini saa 12 jioni na kurudi saa 1 asubuhi. Saa 5 usiku, watoto wameshalala, meneja anaandika: "Boti ya Jumanne ina nafasi ngapi?" Anajibu, anaulizwa jingine, wanamaliza saa 5 na nusu. Anahesabu kuwa kazi imechukua nusu saa tu, lakini akili imeshaamka, usingizi unamjia saa 7, na saa 11 alfajiri anaamka kuwaandaa watoto. Amelala saa 4, wakati mtu mzima anahitaji angalau 7.

Kwa mwenye shinikizo la damu hilo si jambo dogo. Kwa kawaida shinikizo hushuka tunapolala, na anayelala kidogo kila siku huipunguzia mishipa nafasi hiyo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa makadirio kuwa anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35, akilinganishwa na anayefanya saa 35 hadi 40. Ujumbe wa usiku ni sehemu ya saa hizo, ingawa haumo kwenye daftari la mahudhurio.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi mapumziko ya saa 12 mfululizo kila siku na saa 24 mfululizo kila wiki. Makubaliano ya maandishi yanaweza kuyashusha ya kila siku hadi saa 8, kwa masharti maalumu. Ilipotungwa, WhatsApp haikuwapo. Lakini tukihesabu kujibu kuwa ni kazi, mama yetu, kuanzia saa 5 na nusu hadi saa 1 asubuhi, amepata saa 7 na nusu. Wasimamizi wanaoripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu hawamo katika kinga hiyo, na mwenye boti yake hana mwajiri wa kumdai. Kenya, Seneta Samson Cherargei alipeleka muswada mwaka 2022 ili mfanyakazi asilazimike kujibu baada ya saa za kazi. Sisi kwa sasa tunabaki na mazungumzo.

Mazungumzo hayo yafanyike mchana, siku isiyo na ugomvi. Ukisubiri usiku uliokasirika, hata maneno mazuri yatasikika kama mgomo. Na usianze na "siwezi". Anza na kile atakachopata. Kwa mfano:

"Shikamoo bosi. Naomba tupange kidogo kuhusu ujumbe wa usiku. Kuanzia saa 2 usiku simu naiweka kimya, na Jumapili napumzika na watoto. Maswali yote ya usiku nitayajibu kabla ya saa 2 asubuhi. Ikiwa ni dharura, mgeni anaumwa au boti haijarudi, nipigie, nitapokea."

Kinachombeba mwombaji hapa ni sentensi ya mwisho. Meneja wengi hawaogopi kusubiri majibu. Wanaogopa boti kuchelewa baharini wasimpate mtu. Kwenye simu, washa Do Not Disturb na uruhusu namba ya bosi peke yake ipite ikipiga. Mwenye wateja wake atumie WhatsApp Business: chini ya Away message achague Outside of business hours, aandike saa atakayojibu.

Mpango huu huharibika kwa njia moja zaidi ya nyingine: Ijumaa usiku unaona swali rahisi, unaandika "zipo nne". Bosi amejifunza kuwa saa 2 usiku si saa 2. Hata "nimeiona" ni jibu. Upande wa pili, ukiahidi kabla ya saa 2 asubuhi ukajibu saa 4, yeye ndiye mwenye haki ya kulalamika.

Jipe wiki mbili, kisha jiangalie. Je, bado unaamka kushika simu hata ikiwa kimya? Ukikosa usingizi usiku tatu au zaidi kwa wiki, kwa miezi mitatu, tatizo limepita simu, mweleze daktari. Na mwenye dawa za presha ambaye kipimo kinabaki 140/90 au zaidi, amtajie pia saa anazolala. Asipobanwa na swali hilo, mara nyingi halisemi, na dozi huongezwa bila daktari kujua.