Verteksi si hati ya majaaliwa

Siku hizi mchumba hachunguzwi tabia na ukoo tu. Vijana wetu wanaingiza tarehe, saa na mahali pa kuzaliwa kwenye programu ya unajimu, chati inatokea, na upande wa magharibi wa duara inaonekana alama ndogo ya Vx. Hapo mnajimu anawaambia kuwa hiyo ndiyo Verteksi, mlango wa majaaliwa. Mtu ambaye Jua lake, Zuhura yake au Mirihi yake imeangukia nukta hiyo ndiye uliyeandikiwa. Mwaka sayari nzito itakapoipitia, utakutana na mtu wa kugeuza maisha yako. Mimi nasema imani hii haina msingi, na kwa sisi tuliozaliwa karibu na Ikweta ni upotoshaji mtupu.

Tuanze na nukta yenyewe, maana wengi wanaoihubiri hawajawahi kueleza inatoka wapi. Fikiria mstari angani unaochomoza mashariki kamili, unapita juu ya utosi wako na kushuka magharibi kamili, kisha unaendelea chini ya ardhi mpaka unafunga duara. Njia ya Jua, ile yenye nyota zote 12 kuanzia Punda hadi Samaki, inalikata duara hilo mahali pawili. Palipo upande wa magharibi ndipo Verteksi. Pa mashariki ndipo Anti-verteksi, digrii 180 kamili kutoka kwa mwenzake. Hakuna sayari hapo wala nyota. Ni makutano ya miduara miwili, na mahali yanapoangukia hutegemea saa uliyozaliwa na umbali wa mji wako kutoka Ikweta.

Umbali huo ndio unaovunja hoja yote. Mtu akizaliwa London, Verteksi inazunguka nyota zote 12 ndani ya siku moja, kwa hiyo angalau inatofautiana kati ya mtu na mtu. Lakini kadiri unavyoikaribia Ikweta, lile duara la mashariki na magharibi linazidi kulalia juu ya Ikweta ya mbingu, na Ikweta ya mbingu inakatana na njia ya Jua mahali pawili tu pasipobadilika: mwanzo wa Punda na mwanzo wa Mizani.

Chukua Nairobi, iliyo digrii 1.3 kusini mwa Ikweta. Ukipiga hesabu, Verteksi ya mtu aliyezaliwa pale, awe wa mwaka 1950 au wa jana, alfajiri au usiku wa manane, haiwezi kutoka zaidi ya digrii 3.3 mbele au nyuma ya mwanzo wa Punda au mwanzo wa Mizani. Kampala haifikishi hata digrii 1. Jiji zima linagawana vipande viwili vyembamba vya anga, kisha kila mmoja anaambiwa kuwa hiyo ni alama yake ya pekee.

Sasa tazama matokeo yake. Jua huwa mwanzo wa Punda karibu na tarehe 21 Machi, na mwanzo wa Mizani karibu na tarehe 23 Septemba. Kwa kanuni ya wanajimu hawa, wanaokubali tofauti ya digrii 3 au hata zaidi, mtu yeyote aliyezaliwa tarehe hizo ameandikiwa karibu kila mzaliwa wa Nairobi, kwa Verteksi au kwa Anti-verteksi. Tarehe 20 Februari 2026, Zohali na Neptuni zilikutana katika digrii ya kwanza ya Punda. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu milioni 4 Nairobi. Kanuni ikifuatwa ilivyo, waliozaliwa humo, wazee kwa watoto, walipaswa wote kukutana na mtu wa majaaliwa yao msimu huohuo. Kanuni inayomhusu kila mtu kwa wakati mmoja haimwambii yeyote kitu.

Dar es Salaam haisalimiki, ila kasoro yake ni ya namna nyingine. Kwa kuwa mji uko digrii 6.8 kusini, Verteksi inapata nafasi ya kusogea kama digrii 17 kila upande. Lakini mara mbili kwa siku njia ya Jua hupita utosini hasa, na wakati huo Verteksi na Anti-verteksi hubadilishana nafasi ghafla. Tarehe 10 Oktoba hivi, Jua lenyewe huwa utosini mwa Dar dakika chache baada ya saa 6 mchana. Mtoto aliyezaliwa saa 6 kamili siku hiyo ana Verteksi katika Punda. Pacha wake akifuata saa 6:20, yake iko katika Mizani, upande wa pili wa mbingu. Ni mama mmoja na kitanda kimoja, lakini mnajimu atawatafutia wachumba wanaopingana. Na ni wangapi kati yetu walioandikiwa saa ya kuzaliwa kwa uhakika wa dakika 20?

Kuna watakaosema kwamba nchi za baridi angalau ziko salama. Haya, tuhesabu na huko. Chukua watu wawili wasiojuana, kila mmoja ana sayari 10 zikiwemo Jua na Mwezi. Ukikubali digrii 3 kila upande, kwa ncha zote mbili, na ukizilinganisha chati kwa pande zote mbili, uwezekano wa kupata angalau mguso mmoja unakaribia nusu. Ukibana hadi digrii 1, bado ni kama mmoja kwa watano. Kwa hiyo wanandoa wanaotokwa na machozi kwa kuona sayari ya mmoja juu ya Verteksi ya mwenzake wameona jambo ambalo wangeweza kuliona pia kwa abiria aliyekaa nao kwenye daladala.

Wala hii si hekima ya wahenga. Verteksi iliingizwa katika unajimu karne ya 20 na mnajimu L. Edward Johndro, kisha ikaendelezwa na Charles Jayne. Ptolemayo hakuitumia. Ni pendekezo la watu wa latitudo za kaskazini, na limeletwa kwetu bila kuulizwa kama linafanya kazi chini ya mbingu yetu.

Kwa anayeshikilia unajimu, namna ya kuitumia kwa tahadhari ni hii. Uliza kwanza mahali pa kuzaliwa. Pakiwa ndani ya digrii 23.4 za Ikweta, ikiwemo Afrika Mashariki yote, ifute Vx kwenye chati. Pakiwa nje ya hapo, dai saa iliyoandikwa hospitali, usipokee tofauti inayozidi digrii 1, na usiitaje mpaka sehemu nyingine za chati ziwe zimeshasema jambo lilelile bila msaada wake. Ukitabiri mkutano, andika tarehe kabla haujatokea, kwa sababu kuitafuta Verteksi baada ya harusi ni kazi isiyoshindwa kamwe.

Na wewe unayefikiria kumwacha mtu mwema kwa sababu Vx imemwelekea mwingine, mwombe mnajimu wako akutolee Verteksi za watu 10 waliozaliwa mji mmoja nawe. Akishakuonyesha zinavyorundikana, mwambie akueleze ni ipi kati yake iliyo yako peke yako.