Mizani, Koleo na Eksirei: Tuamini Kipi?

Msomaji wetu mmoja, mama wa miaka 42 mwenye uzito wa kilo 72, ametuletea nambari tatu zilizopatikana katika wiki moja. Mizani yake ya nyumbani yasema mafuta ya mwili wake ni asilimia 38. Mkufunzi wa mazoezi aliyembana ngozi kwa koleo alipata 31, na eksirei ya miale miwili ikatoa 35. Kati ya mizani na koleo pana tofauti ya kilo tano za mafuta. Lililotushughulisha zaidi ni kwamba mwezi wa Shaabani mizani hiyo ilisoma 36, ikapanda katikati ya Ramadhani, naye akaazimia kuacha daku.

Asiache. Mizani hiyo haipimi mafuta. Hupitisha umeme hafifu kutoka wayo mmoja hadi wa pili. Maji na misuli huupitisha, mafuta huuzuia, kisha mizani hukisia kwa kutumia uzito, urefu, umri na jinsia. Mama yetu alikuwa akipanda kabla ya magharibi, koo likiwa limekauka. Maji yakipungua mwilini umeme hupita kwa taabu, na mizani huhesabu ukavu huo kuwa mafuta. Wala asipime mara baada ya futari, kwa kuwa uji ulio tumboni huongeza uzito ambao umeme wa miguuni haukuupitia. Saa inayofaa ni kabla ya daku, baada ya kwenda haja. (Mwenye kifaa cha umeme cha kuongoza mapigo ya moyo asiikanyage kabisa.)

Mkufunzi naye alibana nyuma ya mkono, juu ya nyonga na mbele ya paja, akapata milimita 18, 26 na 36, jumla 80. Kwa kanuni ya Jackson, Pollock na Ward ya mwaka 1980, jumla hiyo kwa umri wake ni asilimia 31, hivyo hesabu haina kosa. Ila koleo hushika mafuta yaliyo chini ya ngozi tu. Yale yanayozunguka matumbo hukisiwa. Vidole vikihama kidogo, jumla nayo huhama.

Eksirei hutofautisha mfupa, mafuta na nyama kwa jinsi kila kimoja kinavyopunguza miale. Ikiwa swali ni kiasi gani, hiyo ndiyo tunayoiamini, ijapokuwa nayo huweza kukosea kwa asilimia moja au mbili. Miale yake ni michache mno, lakini mjamzito hapimwi.

Basi tumemwambia ashike 35. Mizani asiitupe: aipande kila siku kabla ya daku, achukue wastani wa wiki, aulinganishe na wastani wa wiki iliyotangulia. Akitaka eksirei tena, angoje miezi kadhaa na arudi kwenye mashine ileile.