Uliza kifungu kimoja, na ulete maneno yake

Na Asha Mkwizu

Mhasibu wa shule moja ya sekondari ya binafsi mkoani Morogoro alinionyesha rasimu ya mkataba wa kukodi mashine ya fotokopi. Bei ilikuwa nzuri, shilingi 380,000 kwa mwezi, pamoja na wino na matengenezo. Alikuwa ameshika kalamu tayari. Kilichomsumbua ni kifungu cha 8.2, kilichosema hivi: "Mkataba huu utajihuisha wenyewe kwa kipindi kingine cha miezi 12, isipokuwa upande mmoja utoe notisi ya maandishi siku zisizopungua 90 kabla ya tarehe ya mwisho."

Kifungu cha namna hii utakikuta kwenye mikataba ya mashine, intaneti, ulinzi na programu za hesabu. Wengi hukipita kwa sababu kimekaa ukurasa wa nne na hakitaji fedha. Lakini hesabu tarehe. Mkataba wa shule ulikuwa unaisha 31 Desemba. Ukirudi nyuma siku 90 unaangukia 2 Oktoba. Bodi ya shule hiyo hukaa wiki ya pili ya Novemba kupitisha bajeti ya mwaka unaofuata. Maana yake, bodi ikikaa mezani na kuona fedha hazitoshi, muda wa kutoa notisi umeshapita kwa zaidi ya mwezi mmoja, na shule itadaiwa miezi 12 mingine, yaani shilingi 4,560,000, kwa mashine ambayo pengine haiitaki tena.

Katika hali kama hii nimeona ofisi zetu zikienda njia mbili, na zote zinanikera. Ya kwanza ni kusaini kimya na kumwachia Mungu. Ya pili ni kumwandikia mzabuni barua pepe ndefu ya malalamiko kumi na mawili, yenye sauti ya wakili aliyekasirika, kuanzia rangi ya nembo hadi mahakama itakayosikiliza mgogoro. Mzabuni akiipata hiyo, anaipeleka kwa mwanasheria wake, nayo inakaa huko. Hata lile jambo moja lililokuwa na uzito linazama pamoja na mengine.

Kuna na ya tatu, ya upole uliopitiliza: "Tunaomba mtufikirie kuhusu suala la notisi." Mpokeaji afikirie nini? Siku 80? Siku 10? Meneja mauzo anayesoma barua hiyo hana cha kumpelekea bosi wake. Heshima ni jambo jema, na barua ya kazi ya Kiswahili isiyo na salamu inasomeka kama amri. Ila baada ya salamu, mtu anahitaji kujua unataka nini hasa.

Mimi na mhasibu tulikaa tukaandika hii:

"Yah: Rasimu ya mkataba wa mashine ya fotokopi, kifungu cha 8.2

Ndugu Meneja Mauzo,

Habari za kazi. Tumeisoma rasimu mliyotutumia, na tumeridhika na bei pamoja na ratiba ya matengenezo. Kuna jambo moja tungependa kuuliza kabla ya kusaini.

Kifungu cha 8.2 kinataka notisi ya siku 90, yaani kufikia 2 Oktoba. Bodi yetu hupitisha bajeti wiki ya pili ya Novemba, na kabla ya hapo hakuna mtu shuleni mwenye mamlaka ya kuamua tuendelee au tusitishe. Je, mnaweza kukubali siku 30? Maneno mengine yote ya kifungu yangebaki yalivyo. Ni tarakimu 90 tu ingekuwa 30.

Tunaelewa kwamba mnahitaji muda wa kuitafutia mashine mteja mwingine. Kwa hiyo tuko tayari kuwaandikia kila ifikapo 1 Oktoba kuwaeleza mwelekeo wetu, ingawa barua hiyo haitakuwa uamuzi wa bodi.

Swali hili si kukataa rasimu yenu. Tukipata jibu kufikia Ijumaa, tutaweza kusaini wiki ijayo."

Hapo ndipo mhasibu aliponiuliza kwa nini tuandike "je, mnaweza" badala ya "tunataka siku 30". Alidhani ni adabu tu. Adabu imo, lakini sababu kubwa ni ya kisheria, na ningependa kila anayeandika barua za namna hii aijue.

Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, inataka anayekubali pendekezo alikubali lote, bila sharti. Ukijibu "nakubali, lakini kwa siku 30", hujakubali. Umetoa pendekezo jipya, na lile la mzabuni, pamoja na bei yake nzuri, unaweza usilikute tena mezani. Kanuni hii ina umri mrefu. Mwaka 1840 huko Uingereza, bwana Wrench alijitolea kumuuzia bwana Hyde shamba kwa pauni 1,000. Hyde akasema atatoa 950. Wrench akakataa. Hyde akageuka: basi, nachukua kwa 1,000. Mahakama ikasema hakuna mkataba, kwa kuwa zile 950 zilikwisha kuliua pendekezo la kwanza.

Miaka 40 baadaye ikaja kesi ya Stevenson na McLean. McLean aliahidi kuuza chuma kwa shilingi 40 kwa tani, fedha taslimu, na akaliacha pendekezo wazi hadi Jumatatu. Jumatatu asubuhi wanunuzi wakampigia simu ya maandishi kumuuliza kama angekubali bei hiyohiyo lakini mzigo ufikishwe kwa miezi miwili, na kama sivyo, muda mrefu kabisa anaoweza kuwapa ni upi. McLean hakujibu, akauza chuma kwa mtu mwingine. Wanunuzi, kabla hawajapata habari hiyo, wakatuma simu kwamba wanakubali masharti yake ya mwanzo. Safari hii mahakama, mwaka 1880, iliwapa haki wanunuzi. Ile simu ya asubuhi ilikuwa swali, na swali haliui pendekezo. Kenya, kwa Sura ya 23 ya sheria zake, nayo inafuata kanuni za Uingereza katika mikataba. Kwa hiyo namna unavyoipanga sentensi yako inaweza kuwa ndiyo iliyokulindia bei. Na usiisahau nukuu ya bei yenyewe: kama imeandikwa kwamba ni halali kwa siku 30, mazungumzo yako yote lazima yaishie ndani ya siku hizo, hata uulize kwa upole namna gani.

Turudi Morogoro. Jibu lilikuja: mzabuni alishukuru, akasema siku 30 ni chache mno, angeweza kufika 60. Hapa wengi hufurahi, maana 60 iko katikati ya 90 na 30, ikaonekana haki imetendeka. Lakini siku 60 kabla ya 31 Desemba ni 1 Novemba, na bodi bado haijakaa. Shule ingekuwa imeshinda mazungumzo na kubaki na tatizo lilelile. Siku 45 zinaangukia 16 Novemba, baada ya kikao. Kwa hiyo mhasibu alijibu kwa mistari michache: anashukuru kwa 60, ila tarehe yake inatangulia kikao kwa wiki moja hivi, 45 inatosha, na barua ya 1 Oktoba iko palepale. Mzabuni akakubali.

Angalia jinsi sababu ilivyofanya kazi. Mhasibu hakusema siku 90 ni uonevu, wala hakudai kwamba kampuni nyingine zinatoa 30. Alileta kalenda ya bodi, kitu ambacho meneja mauzo angeweza kumsomea mkurugenzi wake bila kuona aibu, na ambacho kilimwambia mhasibu mwenyewe asishuke chini ya wapi. Angekuwa ametaja 30 kwa kubahatisha, angekosa jibu la 60. Na mzabuni naye hakuwa mtu mbaya. Mashine kama ile hununuliwa kwa mkopo. Ikirudi ghafla mwezi wa Desemba, inakaa stoo ikisubiri shule zifunguliwe huku rejesho likidaiwa. Kinachompunguzia hofu hiyo ni ile barua ya Oktoba, nayo haiigharimu shule hata senti.

Baada ya "tumekubali" kuna kazi bado, na hapa ndipo nimeona watu wakipoteza kila walichokipata. Meneja mauzo aliandika: "Sawa, siku 45 hakuna shida, saini tu hiyo rasimu, tutaenda kwa makubaliano haya ya barua pepe." Usikubali. Ni kweli kwamba tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, mawasiliano ya kielektroniki yanaweza kufunga mkataba Tanzania. Lakini geuza ukurasa wa mwisho wa rasimu. Mara nyingi kuna kifungu kinachosema mkataba huu ndio makubaliano yote na unafuta mazungumzo ya awali, na kingine kinachosema hauwezi kubadilishwa ila kwa maandishi yaliyosainiwa na pande zote mbili. Ukisaini karatasi yenye 90 baada ya kupata barua pepe ya 45, umetia saini kuifuta barua hiyo kwa mkono wako. Na yule meneja mwungwana anaweza kuhama kampuni mwezi Machi.

Mhasibu aliomba rasimu iliyosahihishwa, akaipata kesho yake. Tuliilinganisha na ya kwanza ukurasa kwa ukurasa, maana rasimu mpya wakati mwingine hutengenezwa kutoka faili jingine. Kifungu cha 8.2 kilisomeka 45, na bei ilikuwa ileile. Ile ahadi ya barua ya 1 Oktoba nayo tuliomba iingie kama 8.3, na maneno kwamba haifungi upande wowote, isije mtu akaiita notisi.

Je, kama mzabuni angegoma kabisa kwenye 90? Kama bei ilikuwa nzuri kuliko za wengine, ningemshauri asaini hata hivyo, kisha aiombe bodi, kwenye kikao chake cha katikati ya mwaka, imruhusu mkuu wa shule kutoa notisi ya tahadhari Septemba, na Novemba waamue kama waombe mkataba mpya. Njia hiyo ina gharama yake: notisi ikishatolewa imetolewa, na mzabuni ana haki ya kuja na bei nyingine Januari. Bodi ijulishwe hilo kabla ya kupiga kura.