Wembe Ukae Mbali na Pembe za Mdomo Wetu

Leo tunagombana na vinyozi wetu, na tunagombana nao kwa heshima, maana nusu yao wako humu humu kwenye kikundi na ndio wanaotunyoa kwa deni mwisho wa mwezi. Lakini hili jambo la kufunga masharubu na ndevu limetuchosha. Tuseme basi.

Wengi wetu tuna miaka kati ya 18 na 25. Masharubu yametoka lakini machache, kidevu kimejaa kidogo, na pale kwenye pembe za mdomo, kulia na kushoto, kuna sehemu tupu. Ukijiangalia kwenye kioo unaona vipande vitatu ambavyo havijuani. Kila mmoja wetu anataka vishikane viwe kitu kimoja, ile duara inayozunguka mdomo. Hakuna ubaya kulitaka hilo. Ubaya ni namna tunavyofungiwa.

Mwenzetu mmoja, ana miaka 21, alikuwa na siku ya kupigwa picha ya kitambulisho. Jumapili akaenda saluni. Kinyozi akamwambia, "Leki, acha nikufunge hapo, itatoka freshi." Naye akajibu, "Sawa yaya, fanya." Akachorewa laini kwa wembe, kisha pengo likapakwa piko ile nyeusi ya nywele. Jioni alipendeza kweli, hatukatai, hata sisi tulimsifu. Jumatatu usiku ngozi ikaanza kuwasha. Jumatano mdomo wa juu ulikuwa umevimba, pembeni vimetoka malengelenge ya maji, uji anaunywa kwa mrija. Alhamisi ndiyo ilikuwa siku ya picha. Akapigwa hivyo hivyo. Sasa anatembea na kitambulisho chenye sura ambayo mama yake mwenyewe aliiangalia mara mbili, na baada ya miezi mitatu bado ana doa jeusi pembeni mwa mdomo. Na pengo? Lipo pale pale.

Tusimtupie lawama zote kinyozi, ila hili lijulikane. Piko nyingi nyeusi zina kemikali ambayo kifupi chake ni PPD. Imetengenezwa kwa ajili ya kupaka nywele, si kuachwa ilale juu ya ngozi laini ya mdomo. Watu wengine haiwafanyi kitu. Wengine mwili unaikataa, na mara nyingi madhara hayaonekani siku ile ile, yanakuja baada ya siku moja mpaka tatu, wakati umeshalipa na umeshasahau. Mwili ukishaikataa mara moja haurudi nyuma: ukipakwa tena baadaye, hata ukiwa mtu mzima unaficha mvi, inaweza kukuchoma vibaya zaidi. Kwa hiyo yule mwenzetu hakupoteza picha tu. Amefungiwa njia ya rangi hizo kwa maisha yake, kwa ajili ya pengo la milimita nane.

Sasa tuje kwa wembe, maana hapo ndipo ugomvi wetu mkubwa.

Angalia vizuri pembe ya mdomo wako mchana, karibu na dirisha. Utaona haiko tupu kabisa. Kuna malaika, zile nywele laini fupi, na kuna nywele chache nyeusi za mwisho wa sharubu zinazoelekea chini. Hizo ndizo daraja lako, huna lingine. Kinyozi anafanya nini? Anataka laini ikae kama imechorwa kwa rula, basi anaanza kusafisha palepale. Anakula milimita mbili upande wa sharubu, milimita mbili upande wa kidevu, eti anaweka shepu. Pengo lililokuja na milimita sita linatoka saluni likiwa kumi. Halafu kidevu kinaachwa kizito na chenye ukingo mkali, na ukingo mkali ndio unaolionyesha pengo, kama ukuta mweusi kando ya ukuta mweupe. Baada ya wiki mbili unarudi, anasafisha tena. Hapo pengo halitazibika hata ungoje mpaka uoe.

Mtatuambia, "Nikinyoa sana zitatoka nyingi." Hapana, wapendwa. Mwaka 1928 mtaalamu wa maumbile ya mwili, Mildred Trotter, alipima nywele za uso za wanaume waliokuwa wakinyoa, na hakuona kwamba kunyoa kunaongeza unene wala kasi ya kukua. Unywele uliokatwa una ncha butu, ndiyo maana unaukwaruza mkono na unaonekana mzito. Ni ule ule.

Ubishi wa pili ni wa video. Tunaangalia jamaa kwenye simu anasema acha masharubu wiki tatu, yachane kwenda pembeni, imekwisha. Tumefanya, haikukubali, tukadhani sisi ndio tuna kasoro. Kumbe yule jamaa nywele zake zimenyooka. Nywele za uso zinakua kama sentimita moja kwa mwezi, wakati mwingine zaidi kidogo. Kwake sentimita moja na nusu ni sentimita moja na nusu. Kwetu unywele unajikunja. Ukiuvuta una milimita 15, ukiuachia unafika nane au tisa tu. Kwa hiyo sisi muda wetu ni karibu mara mbili ya ule wa kwenye video, na hakuna aliyetuambia.

Tuwape basi hesabu ya yule mwenzetu, maana tulimfuatilia wenyewe baada ya ngozi kupona. Tulipima kwa rula ya shule: kulia milimita nane, kushoto tano. Ili unywele wa sharubu ulifunike pengo la nane, lazima ulivuke na kulala juu ya ndevu kama milimita nne zaidi, la sivyo ukicheka tu pengo linafunguka. Yaani unywele ufike 12 ukiwa umejikunja. Ukiunyoosha, huo ni unywele wa milimita 20 hivi. Tukamwambia: wiki nane, pembe za mdomo zisiguswe na kitu chochote cha makali.

Si kwamba alikaa kama mtu wa porini wiki zote nane. Katikati ya mdomo wa juu nywele zilikatwa kwa mkasi mdogo kila zilipoanza kuingia mdomoni, lakini mkasi ulisimama upana wa kidole kabla ya kufika kwenye pembe, kila upande. Ile theluthi ya mwisho ya sharubu ndiyo inayofanya kazi, usiiguse. Mashavu na shingo alinyolewa kama kawaida. Na kidevu, hapa wengi wanashangaa, kilipunguzwa badala ya kuachwa: mashine ikavishwa ile plastiki yake namba mbili, inayobakiza milimita sita, na kuelekea taya namba moja, inayobakiza tatu. Kwa nini? Kwa sababu kidevu kikiwa kizito kuliko masharubu, macho ya watu yanakwenda moja kwa moja kwenye tofauti. Kikishushwa, masharubu machache yanaonekana yana uzito, na nywele zinazoshuka kutoka juu zinapata mahali pa kulala.

Siku ya kukata yenyewe, kosa linalotokea sana ni kukata nywele zikiwa na maji. Nywele zetu zikilowa zinarefuka. Kinyozi anaona zimefika, anakata ziwe sawa, unatoka nje jua linakausha, zinajikunja, pengo hilo hapo. Huyu wetu alikuwa karibu aharibiwe hivyo wiki ya sita, tukamzuia mlangoni. Nywele zikatwe kavu, zikiwa zimekaa zinavyokaa kila siku. Kabla ya kukata, mwambie mwenye nywele aongee kidogo, acheke, afungue mdomo kama anakula. Kama pengo linafunguka wakati wa kucheka, bado urefu haujatosha, rudi nyumbani. Kinyozi anayekwambia "hapo patajipa" hajui au ana wateja foleni.

Asubuhi baada ya kuoga, nywele zikiwa na unyevu kidogo, zichane kwa chanuo dogo kwenda chini na nje, kufuata mkunjo wa mdomo. Chukua vaselini kiasi cha punje ya mchele, isugue vidoleni mpaka iyeyuke, kandamiza pale pembeni kama dakika moja. Vaselini ikizidi nywele zinashikana vifungu vifungu, na katikati ya vifungu ngozi inaonekana. Hiyo ndiyo dalili kwamba umezidisha.

Wiki ya nane upande wa kushoto ulifunga kabisa. Kulia ukimsogelea karibu bado unaona ngozi kidogo, lakini ukiwa umekaa naye mezani huoni. Hayo ndiyo matokeo, hatuongezi chumvi.

Kuna wanaotuuliza kuhusu dawa za kuotesha, zile chupa ndogo zinazouzwa senta. Nyingi zimeandikwa minoksidili. Dawa hiyo ipo kweli, ilianza kama dawa ya presha, na kuna watu inawasaidia nywele za uso wakiipaka miezi mingi mfululizo. Lakini zile tunazouziwa wakati mwingine hata karatasi yake imebanduliwa, hujui nguvu yake, na ikikuletea kizunguzungu au mapigo ya moyo ya haraka hujui umweleze nini daktari. Pesa ya miezi sita ya chupa hizo, kwa mtu anayeishi kwa posho ya chakula, sisi tunasema hapana. Tena kwa wengi sehemu ile ya pembeni huchelewa tu na kujaa baada ya miaka 25. Unalipia kitu ambacho pengine kiko njiani.

Na kama pengo lako linapita sentimita moja na ngozi yake ni laini kabisa, hakuna malaika hata moja, usikae wiki nane bure. Hapo hakuna daraja. Mwambie kinyozi aache masharubu peke yake na mzuzu peke yake, mapengo mawili yawe na upana sawa. Wembe hapo tunauruhusu, ila uwe mpya na ufunguliwe mbele ya macho yako, maana homa ya ini aina ya B inapita kwenye damu hata ile usiyoiona.

Vinyozi wetu, tunajua mtajibu kwamba mteja ndiye anayetaka laini kali, na asipoipata anahamia saluni ya pili. Ni kweli, na sisi ndio wateja hao. Kwa hiyo mwenzetu Jumamosi anarudi kwa yaya yule yule aliyempaka piko. Anakwenda na rula yake mfukoni, na wanne kati yetu tutakaa kwenye benchi kuangalia.