Ukitaka kufanyia kazi nyumbani, jibu hofu za meneja kwanza

Machi 2020, serikali ilipohimiza waajiri kuruhusu watu kufanyia kazi nyumbani kwa sababu ya korona, hakuna aliyehitaji kubembeleza. Leo mambo ni tofauti. Sheria ya Ajira ya 2007 haikupi haki ya kuchagua mahali pa kufanyia kazi. Hata hivyo, kifungu cha 10 kinataka mahali hapo paandikwe kwenye mkataba, na pakibadilika, mabadiliko yaandikwe pia. Kwa hivyo, msomaji, usitosheke na ruhusa ya mdomo.

Tuseme wewe ni karani wa uhasibu mjini Meru, na jamaa zako wako Embu, mwendo wa zaidi ya kilomita 100. Umepanga chumba Makutano na ungependa kuwa Embu siku za Alhamisi na Ijumaa.

Kabla ya kuandika barua, gawa kazi zako mara mbili. Kupokea hundi na kuhudumia wateja kwahitaji uwepo. Kuandaa ankara na kulinganisha vitabu na taarifa za benki kwaweza kufanyiwa popote. Kisha, kwa majuma manne, andika kila siku umemaliza ankara ngapi. Pasipo hesabu hiyo, wewe na meneja mtabishana kwa hisia tu.

Hofu ya kwanza ya meneja ni kwamba Ijumaa yako itageuka mwanzo wa wikendi. Usikasirike, mjibu kwa hesabu. Ikiwa wastani wako ni ankara 30 kwa siku, ahidi 30 hizo hizo, na orodha imfikie kabla ya saa kumi jioni. Ahidi pia kuwa ofisini siku za kufunga hesabu za mwezi, hata zikiangukia Alhamisi.

Hofu ya pili ni kukutafuta bila kukupata. Taja saa utakazopatikana kwa simu na muda utakaochukua kujibu, tuseme dakika 15. Eleza pia utakwenda wapi stima ikipotea au mtandao ukikatika. Barua yaweza kusema hivi:

"Naomba kufanyia kazi Embu kila Alhamisi na Ijumaa kwa majaribio ya majuma sita. Tutalinganisha kazi yangu na ya majuma manne yaliyotangulia. Ikipungua, nitarejea ofisini siku zote tano."

Wakati wa majaribio, usitazame ankara pekee. Muulize mwenzako wa meza ya pili ni mara ngapi amefungua kabati kukutafutia faili, au kuwajibu wateja wako. Ikiwa ni kila Alhamisi, basi kazi yako haikuhamia Embu. Imehamia mezani pake, na meneja ataligundua hilo kabla yako. Chukua nakala za faili hizo Jumatano, ikiwa ofisi inaruhusu zitoke, au punguza ombi liwe siku moja.