Asilimia 99 Isiyomtambua Mgonjwa Hata Mmoja

Programu za kompyuta zinazosoma picha za eksirei ya kifua ili kuwatambua wenye kifua kikuu zimekwisha kupokelewa katika huduma za afya. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza zitumike kuwachunguza watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi. Kwa hiyo si haba kwa mhudumu wa afya, na hata kwa mgonjwa, kujua namna programu hizo zinavyofundishwa na zinavyopimwa. Hoja ya makala haya ni moja: ugonjwa unapokuwa nadra katika jamii, usahihi wa jumla haustahili kuwa sifa ya kukipokelea kifaa.

Chukua mfano wa Kenya. Utafiti wa kitaifa uliokamilika mwaka 2016 ulikadiria watu 558 wenye kifua kikuu kilichothibitishwa kwa vipimo, katika kila watu wazima 100,000. Wakipigwa picha watu wazima 10,000, wagonjwa watakuwa 56 hivi, na 9,944 hawatakuwa na ugonjwa huo. Programu itakayomwambia kila mtu, bila kuitazama picha yake, kwamba hana kifua kikuu, itakuwa imesema kweli mara 9,944. Usahihi wake ni asilimia 99.4, na haijamtambua mgonjwa hata mmoja.

Si mzaha. Programu hujifunza kwa kupunguza hasara, yaani jumla ya makosa yake katika picha za mafunzo. Kila kosa likihesabiwa sawa na jingine, makosa 56 huzama katika bahari ya picha 9,944, na njia rahisi ya kupunguza hasara ni kuwapuuza wachache. Ishara ya hali hiyo huonekana mapema: alama za usahihi hupanda tangu siku ya kwanza ya mafunzo, ilhali idadi ya wagonjwa waliotambuliwa imesimama karibu na sifuri.

Mafundi wana dawa mbili. Ya kwanza ni kuipa hasara uzito. Kosa la kumkosa mgonjwa huhesabiwa mara 178, kwa kuwa watu 9,944 wakigawanywa kwa 56 hupatikana takriban idadi hiyo. Hapo programu hulazimika kuwajali wagonjwa kwa kiasi kilekile inachowajali wengine. Dawa ya pili ni kupanga upya sampuli: ama picha za wagonjwa hurudiwa mara nyingi, ama nyingi za wasio wagonjwa huachwa kando, mpaka makundi mawili yakaribiane.

Dawa hizo hufaa, lakini zina madhara ambayo mnunuzi hapaswi kufichwa. Kurudia picha hakuongezi maarifa. Wagonjwa 56 hubaki 56, na programu yaweza kuzikariri picha zao badala ya kujifunza dalili. Picha zikirudiwa kabla ya kutenga zile za mtihani, nakala ya mgonjwa yuleyule huangukia pande zote mbili, na programu huulizwa swali ambalo jibu lake imekwisha kuoneshwa. Ni lazima wagonjwa watengwe kwanza, mtu kwa mtu, ndipo kurudia kufanyike upande wa mafunzo pekee. Kuacha picha za wasio wagonjwa nako kuna gharama yake. Miongoni mwa zilizoachwa mna makovu ya kifua kikuu kilichopona, mioyo iliyopanuka na mapafu yaliyoharibiwa na vumbi la migodini. Programu isiyoyaona hayo ya kutosha itayapigia kelele yote.

Uzito nao hupotosha maana ya alama. Programu iliyofundishwa hivyo hutoa alama kana kwamba nusu ya watu wote ni wagonjwa. Ikiandika 0.9 kwenye skrini, ina maana kwamba, katika ulimwengu wake wa nusu kwa nusu, kuna wagonjwa tisa kwa kila asiye mgonjwa mmoja. Ili kurudi katika jamii halisi, tisa hiyo igawanywe kwa 178. Jibu ni kama asilimia 5. Mtu aliyepata 0.9 hajapewa uwezekano wa tisa kwa kumi wa kuugua. Kati ya watu 100 wenye alama kama yake, watano hivi ndio wagonjwa. Mhudumu asiyelijua hilo aweza kumtia mtu hofu isiyo na msingi.

Kosa kubwa zaidi hutokea kwenye mtihani. Ni halali kulinganisha makundi wakati wa kufundisha. Si halali kutangaza matokeo ya mtihani uliolinganishwa kana kwamba ndiyo ya kliniki. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani liliweka kiwango cha chini cha kipimo cha kuchuja watu kabla ya uchunguzi wa kuthibitisha: kitambue angalau wagonjwa 90 katika 100, na kiwaondolee shaka angalau 70 katika 100 wasiougua. Programu ya kiwango hicho ikipimwa kwa wagonjwa 1,000 na wasio wagonjwa 1,000, itawashuku watu 1,200, na 900 kati yao watakuwa wagonjwa kweli. Robo tatu ya tahadhari zake ni za kweli, na tangazo lake litavutia.

Programu ileile ikipelekwa kwa wale watu wazima 10,000, itawatambua wagonjwa 50 kati ya 56. Pamoja nao itawashuku watu 2,983 wasiougua. Watu 3,033 watatakiwa kutoa makohozi, na ni mmoja tu katika kila 60 atakayekutwa na ugonjwa. Usahihi wake wa jumla ni asilimia 70, chini kabisa ya ule wa programu isiyotazama picha, ingawa hii ndiyo iliyowapata wagonjwa 50. Uamuzi wa kuipokea hutegemea kama maabara yaweza kubeba vipimo 3,033. Ikishindwa, kizingiti cha alama kipandishwe, na ikubaliwe wazi kwamba wagonjwa zaidi ya sita watakosekana. Kizingiti hicho ni uamuzi wa tiba, na hakifai kuachwa mikononi mwa muuzaji.

Kwa sababu hiyo, anayeleta kitambuzi cha ugonjwa nadra atakiwe kueleza mambo matatu kwa idadi ya watu, si kwa asilimia pekee. Kati ya wagonjwa wote, wangapi walitambuliwa? Kati ya walioshukiwa, wangapi waliugua kweli? Na mtihani ulifanywa kwa watu wenye kiwango cha ugonjwa kinachofanana na cha kliniki itakayokitumia? Idadi ya wagonjwa wa mtihani nayo itajwe. Kutambua 50 kati ya 56 ni karibu asilimia 90 kwenye karatasi, lakini kwa wagonjwa wachache hivyo uwezo wa kweli waweza kuwa popote kati ya asilimia 79 na 95.

Naye aliyeshukiwa na programu anastahili kuelezwa kwa lugha nyepesi: picha yake imeonesha jambo linalohitaji kupimwa makohozi, wengi wanaoitwa hivyo hawakutwi na ugonjwa, na jibu hutoka maabara. Asiyeshukiwa, ikiwa kikohozi chake hakikomi, aambiwe arudi, kwa kuwa wale sita waliokosekana nao waliambiwa kwamba picha zao hazina shaka.